Re: Kiwango cha samaki na macho ya nyavu

"Tumepitisha kiwango cha kilo kwa mtumbwi na macho ya nyavu, ila hakuna anayefuata, tufanyeje?"

Habari ndugu. Kilo achaneni nazo kwanza, mitumbwi inarudi usiku kila mtu na mwalo wake, nani atapima? Nyavu zinaonekana zikianikwa. Huku Kyela tuligombana mpaka tukavuta jicho moja likiwa limelowa, fundo hadi fundo, rula juu mbele ya wote, kumbe wengine walikuwa wanapima bila kulivuta. Wavuvi wa dagaa wana kipimo chao, msiwachanganye. Halafu tukaongeza katazo moja tu, mvua zikianza hakuna kutega mdomoni mwa mto, mbasa anapanda kutaga, na hilo hata wabishi walilikubali maana wanamuona kabisa na mayai tumboni.