Spea ya mashine ya korosho, meli au ndege?

"Wakuu, nina boksi moja la spea Guangzhou nalitaka Mtwara haraka, kampuni niwaulize vipi bei ya meli na ndege?"

Kaka usiwaulize tu "kilo bei gani", wape vipimo vya boksi. Tuseme ni 60×50×40 sentimita na kilo 12, ndege wanazidisha vipimo wanagawa kwa 6000 wanapata 20, kwa hiyo utalipia kilo 20 sio 12, na kuria wengine wanagawa kwa 5000 inakuwa 24, waulize wanatumia ipi. Wanaosema meli siku zote ni rahisi wamepatia nusu, maana boksi lako ni 0.12 ya kyubiki mita lakini wengi wanachaji kuanzia kyubiki moja nzima, halafu Dar kuna gharama za kufungua kontena, godauni na ajenti ambazo hazimo kwenye bei ya kwanza. Mimi mwaka jana nilifuata bei ya meli, bili ya Dar ikanikuta na msimu wa Oktoba umeshaanza, mashine imelala, iliniuma sana.

Waambie wakupe bei mbili, zote mpaka mlangoni Mtwara pamoja na clearance, na siku ngapi kila moja. Ila kama spea ina mota yenye sumaku kubwa waambie mapema, ndege wanaweza kuikataa. Boksi limefikia kilo ngapi?