Kubadilisha tarehe na mshahara kwenye slipu ili kupata mkopo

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi hapa Arua, Uganda. Mshahara wangu ni shilingi 800,000, mkononi napokea 618,000. Nyumba yangu imefika usawa wa lenta, nahitaji milioni 6 za mbao na mabati. Wakopeshaji wanataka mtu aliyefanya kazi mwaka mzima, mimi nina miezi saba, na makato ya laki 4 kwa mwezi yasizidi nusu ya ninachopokea. Kijana mmoja wa kompyuta amenitengenezea slipu zinazoonyesha mshahara wa 1,200,000 na tarehe ya kuanza kazi ya mwaka juzi. Sijazipeleka bado. Nia yangu ni kulipa kila shilingi, na wenyewe wanakula riba. Je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, ndugu yangu mwalimu. Slipu hizo usizipeleke. Kuzipeleka ni haramu, na nia ya kulipa haiiondoi haramu hiyo.

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kula mali za wenzetu kwa batili, akaruhusu ile inayopatikana kwa kuridhiana. Sasa angalia ridhaa ya mkopeshaji wako. Yeye ameridhia kumkopesha mtu wa 1,200,000 aliyekaa kazini zaidi ya mwaka. Mtu huyo hayupo Arua wala kwingineko. Wewe mwenye 800,000 hajakuridhia, na ulikwisha kujua hivyo, ndiyo maana ukamtafuta kijana wa kompyuta.

Wengi hudhani tarehe ni jambo dogo kuliko kiasi. Sivyo. Sheria yetu ya Ajira ya 2006 inaruhusu muda wa majaribio wa hadi miezi sita, na mfanyakazi akikubali unaweza kuongezwa miezi sita mingine. Katika kipindi hicho kumwachisha mtu kazi ni rahisi, kwa notisi fupi. Mkopeshaji anayedai mwaka mzima anauliza kama kazi yako imeshika. Ukibadilisha tarehe umemficha hatari yenyewe aliyotaka kuipima.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema mvua ilikinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akasema anayeghushi si katika yeye. Imepokewa na Muslim. Hakumkataza kuuza chakula kilicholowa. Alimtaka akiweke juu. Nawe hukukatazwa kukopa ukiwa na miezi saba na laki 8, ila ziweke juu, mwenye fedha aamue akiziona.

Umeitegemea nia. Ni kweli Bukhari amepokea kwamba anayechukua mali za watu akitaka kuzilipa, Mwenyezi Mungu atamlipia. Lakini hayo yanamhusu aliyezichukua kwa njia iliyo wazi, kisha akahangaika kulipa. Na tuifanyie hesabu nia yako. Kwa mshahara wa 1,200,000, baada ya kodi na makato ya NSSF, mtu hubaki na takriban 878,000. Nusu yake ni 439,000, kwa hiyo makato ya laki 4 yanapita. Wewe nusu yako ni 309,000. Slipu ikikubaliwa, mkononi hazitaingia 878,000. Zitaingia zilezile 618,000, zitoke laki 4, na 218,000 ndizo za chakula, nauli na karo mwezi mzima, ukiwa bado mgeni kazini. Nia yako naiamini, ila mshahara wako hauna nafasi ya kuitimiza.

Kuhusu riba: riba ni haramu na yuko kwenye makosa anayeitoza, lakini haramu yake haikuhalalishii uongo wako. Makureshi walipopanga kumuua Mtume, amana zao zilikuwa nyumbani kwake, naye alimwacha Ali Makka ili azirudishe kwa wenyewe. Isitoshe, hujakwenda kuipinga riba, umekwenda kuitia sahihi. Mkopo huo ungekuwa na tatizo hata kwa slipu ya kweli.

Kuna mtu wa tatu ambaye hukumtaja. Slipu ina jina la shule na sahihi ya mhasibu. Umemtia maneno kinywani asiyoyasema, nao huo ni ushahidi wa uongo, ambao Mtume alipoutaja miongoni mwa madhambi makubwa alikuwa ameegemea, akakaa na kuurudia mpaka maswahaba wakatamani anyamaze. Mkopeshaji akipiga simu shuleni, mhasibu ama atakukana ama atalazimika kudanganya kwa ajili yako.

Na huhitaji simu kugunduliwa. Wewe unakatwa asilimia 5 ya NSSF, mwajiri anaongeza 10. Kwa laki 8, kila mwezi zinaingia 120,000. Kwa 1,200,000 zingeingia 180,000. Afisa wa mikopo akitaka taarifa yako ya NSSF ataona 120,000, tena zikianza miezi saba tu iliyopita, na papo hapo kiasi na tarehe vyote vimeanguka. Hapo ni kosa la kughushi mbele ya polisi, na kazi yenyewe inaweza kwenda.

Sasa la kufanya. Kwanza muombe mhasibu barua ya kweli. Kama unafundisha masomo ya ziada au una posho ambayo haimo kwenye slipu, shule iiandike kwa kiasi chake halisi. Kama una duka au shamba, taarifa ya fedha za simu ya miezi kadhaa ni ushahidi halali. Labda kipato chako ni kikubwa kuliko slipu inavyosema. Basi kithibitishwe, kisitungwe.

Pili, punguza hitaji. Kwa hesabu ileile ya wakopeshaji wako, makato ya laki 3 yanabeba milioni 4 na nusu badala ya 6. Hizo usizitafute kwa riba. Nenda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mkiwa na mashahidi, akuuzie mabati na mbao kwa bei moja inayojulikana leo, ulipe kwa awamu, bei isiongezeke ukichelewa. Mwandikishane, kama inavyoamrisha aya ya 282 ya Suratul Baqara. Njia hii benki huiita murabaha: benki inanunua bidhaa, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa faida iliyotajwa. Sheria yetu iliruhusu benki za Kiislamu kwa marekebisho ya 2016, na Salaam Bank ilipata leseni mwaka 2023. Nao watataka slipu, tena ya kweli, na huenda wakakuambia usubiri miezi mitano iliyobaki. Subiri. Nyumba iliyofika lenta, ukiziba juu ya kuta maji yasipenye, haitaanguka kwa miezi mitano, na vyumba viwili vinaweza kuezekwa kwanza. Kama una ndugu au kikundi cha kuweka akiba kinachokopesha bila ziada, anzia huko kabla ya benki.

Slipu zile zichane, na umwambie kijana afute faili kwenye kompyuta yake, kwa sababu jina la shule yako linaweza kutumiwa na mwingine. Ulichomlipa usikidai. Tubu, maadamu hujazipeleka, hakuna haki ya mtu uliyoichukua.

Kwa msomaji ambaye alishazipeleka: fedha kama hazijatoka, andika barua ya kuondoa maombi leo. Kama zimetoka, deni liko shingoni mwako lote. Uza unachoweza ulimalize mapema, na ukiona utashindwa, mwendee mkopeshaji na kipato chako halisi muombe mpango mpya kabla hujakosa awamu ya kwanza. Wallahu a'lam.