Barua ya kupandisha kodi: hesabu kwanza, maneno baadaye

Mpangaji wa Mji Mkongwe akipata barua yenye "gharama zimepanda" tupu, atauliza: zimepanda kwa kiasi gani, na mimi naingiaje? Barua isiyojibu hayo ni bora isiandikwe.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kaya nne, mwenye nyumba akikaa ghorofa moja. Bati zimeliwa na chumvi ya bahari, na paa jipya limegharimu shilingi 4,800,000. Kosa la wengi ni kutaka fedha yote irudi ndani ya mwaka mmoja. Ukikadiria paa litadumu miaka 8, gharama ya mwaka ni 600,000. Igawe kwa kaya nne, yako ikiwemo, kila moja inabeba 150,000, yaani 12,500 kwa mwezi.

Kwa kodi ya serikali hesabu ni tofauti: unachukua nyongeza tu. Ikiwa hati ya kodi ya jengo ilikuwa 300,000 mwaka jana na sasa ni 420,000, kinachogawanywa ni 120,000, ambayo ni 2,500 kwa kaya kwa mwezi. Zile 300,000 zimo tayari ndani ya kodi ya zamani. Na kodi ya mapato yako mwenyewe usiiingize kabisa. Hiyo inatozwa kwa unachopata, na ukipandisha kodi ya nyumba nayo inapanda.

Kuna matengenezo yasiyofaa kumbebesha mpangaji. Kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, hupitisha unyevu. Fundi akizipiga plasta ya saruji, maji hubanwa ndani, chumvi husukuma, plasta hupasuka na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza. Kurudia kazi hiyo ni hasara yako. Mpangaji aliyeona saruji ikipigwa anajua, hata akinyamaza.

Kabla ya kuandika, soma mkataba. Wengi hulipa miezi sita au mwaka mbele, na kipindi kilichokwisha kulipwa hakiguswi. Kisha barua iwe fupi:

"Assalaam alaykum, ndugu mpangaji. Kodi ya chumba chako ni 250,000 kwa mwezi. Kuanzia kipindi kipya cha malipo, baada ya miezi mitatu tangu leo, itakuwa 265,000. Nyongeza ni 15,000: paa 12,500, kodi ya jengo 2,500. Risiti za fundi na hati zote mbili za kodi zimeambatanishwa. Sehemu ya paa itaondolewa miaka 8 ikitimia. Ukiwa na neno, njoo tuzungumze kabla ya mwisho wa mwezi."

Toa nakala mbili zenye tarehe, na kwenye yako mpangaji aandike "nimepokea" na kutia saini. Usimwandikishe "nimekubali" pale mlangoni. Mpe nafasi ya kupiga hesabu na watu wake, kisha makubaliano yaandikwe kwenye mkataba mpya.