Sampuli 1,000 kwenye banda la maonyesho: punguza, kisha ziandike namba

"Wakuu, mwezi ujao naingia kwenye maonyesho ya biashara kwa mara ya kwanza. Banda la siku nne nimeshalipia, na nimeandaa sampuli 1,000 za kugawa. Wenye uzoefu, nifanyeje ili hela yangu irudi? Naogopa kumaliza nikiwa na stoo tupu na daftari tupu."

Mkuu, bango na viti vitapatikana tu. Anza na hizo sampuli 1,000.

Mimi natengeneza gundi ya mbao, ile nyeupe ya maji. Maonyesho yangu ya kwanza nilibeba chupa ndogo 600, na jioni ya siku ya pili zilikuwa zimekwisha. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Baada ya mwezi nilikuwa na wateja wawili wapya, na mmoja kati yao tulikuwa tunafahamiana tangu zamani. Chupa zilikuwa zimeishia kwa watu wanaozunguka na mifuko wakikusanya chochote kinachogawiwa, kalamu, kofia, hata makopo matupu. Seremala mwenye karakana ya mafundi kumi alifika siku ya tatu, akaambulia kipeperushi.

Hesabu niliyopaswa kuifanya mapema ni hii. Siku 4 za saa 8 ni saa 32, na mkiwa wawili bandani mna saa 64 za kuongea na watu. Mazungumzo ya maana, pamoja na kuandika, yanakula dakika 10, kwa hiyo ni watu 6 kwa saa, jumla 384. Ila asubuhi hapana mtu, mchana mmoja wenu yuko chakulani, na kuna muda wanakuja watano kwa mpigo ukaongea na mmoja tu. Kata nusu, unabaki na 190 hivi. Sampuli inayozidi hapo unampa mtu ambaye hujaongea naye, na huyo hutampata tena. Mara ya pili nilibeba chupa 200, nikazitenga 50 kwa kila siku, na za kesho hazikufunguliwa leo hata kwa dawa.

Idadi nikaipunguza, ujazo nikauongeza. Zile za kwanza zilikuwa mililita 15. Fundi anapaka kiungo kimoja inaisha, au anaitupa kwenye droo hata kuifungua asiifungue. Za pili zilikuwa mililita 100, zinatosha kuunganisha kiti kizima. Ndiyo, gundi iliyotoka ilikuwa zaidi, lita 20 badala ya 9, na siijutii. Sampuli isiyotosha kufanya kazi moja kamili haimthibitishii mtu kitu. Namba ya simu iwe kwenye chupa yenyewe, maana kipeperushi kinatupwa kabla mtu hajafika getini. Na kabla ya kufunga katoni, laza chupa chache ubavu juu ya gazeti kwa siku nzima. Mimi sikufanya hivyo, vifuniko vikavuja, nikawa nawapa watu chupa inayonata mkononi. Kwa muuza gundi hiyo ni aibu ya pekee.

Bandani usikae nyuma ya meza. Mimi nilikuwa na vipande vya mbao laini vilivyounganishwa kingo kwa kingo siku moja kabla, kwa sababu gundi hii inashika ndani ya saa moja lakini nguvu yake kamili inakuja baada ya saa 24 hivi. Mtu akisimama, nampa nyundo: "Vunja hapo kwenye kiungo." Anapiga, mbao inapasuka pembeni ya mstari wa gundi, na mstari wenyewe haujaachia. Anavigeuza vipande, anapitisha kidole. Hapo ndipo ninapouliza: unaunganisha nini, na kwa mwezi unamaliza gundi kiasi gani? Mwenye karakana anajibu papo hapo, tena kwa manung'uniko juu ya gundi anayotumia sasa. Asiye na kazi na mbao anacheka, namshukuru, anapata kipeperushi. Maswali mawili tu, na umeshajua chupa inakwenda kwa nani.

Sasa jambo ambalo mara ya kwanza sikulifanya kabisa. Kila chupa niliipa namba kwa kalamu isiyofutika, 1 hadi 200, na kila mtu aliyepewa chupa akawa na karatasi yenye namba hiyohiyo. Humo naandika jina, simu, anatengeneza nini, anatumia kiasi gani, nani anayetoa kauli ya kununua, na kitu kimoja alichokisema kwa maneno yake mwenyewe. Pembeni naweka herufi: A ni wa kununua karibuni, B ni wa baadaye, C ni wa kumkumbuka tu. Namuuliza pia kama naweza kumpigia, na lini atakuwa ameijaribu. Andika akiwa bado mbele yako au mara tu anapogeuka. Ukisema utaandika jioni, utakuta una kadi thelathini za biashara na sura zote zimechanganyika. Lile bakuli la kudumbukiza kadi ili mtu ashinde zawadi achana nalo, linakuletea wapenda zawadi.

Jioni ileile ujumbe mfupi uende kwa wale A, ukitaja alichokisema. "Habari fundi, ni yule wa gundi, uliniambia milango yako inaachia kwenye kona" unajibiwa. Salamu za jumla za kampuni hazijibiwi. Kupiga simu ni siku ile aliyoitaja mwenyewe, kwangu mara nyingi siku ya tano. Ukipiga kesho yake hajafungua chupa, ukipiga baada ya mwezi hakukumbuki. Na usiulize "umeionaje?", kwa sababu atasema nzuri na mazungumzo yameishia hapo. Uliza "uliunganisha nini?"

Chupa namba 73 ndiyo iliyonifundisha hili. Mtengeneza makabati, herufi A. Nikapiga, nikauliza aliunganisha nini. "Droo mbili, ila gundi yako haina kitu, moja imeachia." Aliibana kwa muda gani? Dakika kumi, alikuwa anahitaji vibano kwa kazi nyingine. Mbao ilikuwa mpya? Hapana, ya kabati kuukuu, na vanishi yake bado ipo. Gundi ya maji lazima iingie kwenye nyuzi za mbao, na vanishi inaizuia. Nikampelekea chupa nyingine, nikamwomba akwangue vanishi yote, abane saa moja, asiitie uzito hadi kesho yake. Wiki iliyofuata aliagiza ndoo mbili za lita 20. Nisingepiga, angenyamaza, na kila fundi anayemjua angesikia kwamba gundi yangu inaachia.

Katika karatasi zangu 186, A zilikuwa 41. Ndani ya miezi mitatu walionunua ni 14, na 9 kati yao bado wananunua. Asiyepokea simu mara tatu kwa siku tofauti namshusha kwenye C. Hao wa C nawaandikia mara moja tu, wiki mbili kabla ya maonyesho yanayofuata, nikiwatajia namba ya banda. Wawili walikuja bandani wakiwa na chupa yangu tupu mkononi.