Mtoto akivaa pajama anageuka mtoto mwingine

"Wakuu, nachora kitabu cha hadithi ya kulala kwa rangi za maji. Mchana mtoto wangu yuko sawa, ila nikimvalisha pajama anaonekana mtoto mwingine kabisa, na pajama yenyewe inatoka ngumu kama karatasi. Nakosea wapi?"

Mkuu, hayo yalinikuta. Kitabu changu kilikuwa cha binti wa miaka mitano huko Njombe, usiku wa mwezi wa saba, na baridi ya kule mnaijua, kwa hiyo pajama ya flaneli ilimstahili. (Angekuwa wa Tanga ningemvalisha fulana kuukuu ya baba yake, kazi imeisha.) Mwandishi alipoona kurasa za kwanza akaniuliza, "Huyu wa ukurasa wa 6 ni dada yake?"

Nikaziweka kurasa mbili pamoja. Mchana binti ana sweta ya njano na mafundo mawili ya nywele yaliyosimama kama masikio. Usiku nimempa pajama ya bluu, na kichwani nimemfunga kitambaa kama mama yeyote anavyomfunga mwanawe asiharibu nywele. Yaani nimemvua kwa mpigo rangi yake na umbo la kichwa chake, vitu viwili ambavyo msomaji mdogo anamtambulia. Halafu nikapima kwa rula: mchana urefu wake ni vichwa vitatu na nusu, usiku umefika vinne na ushee! Nilianza kuchora pajama, ndipo nikamwingiza mtoto ndani yake, na ile suruali pana ikanivuta nikarefusha miguu.

Sasa naanza na mwili mtupu kwa penseli hafifu, kichwa kikiwa kipimo, kisha namvalisha juu yake. Kitambaa nilikibakiza kichwani, lakini mafundo yanaonekana yameinua vilima viwili chini yake, na ukurasa wa kabla ya hapo mama anakifunga, mtoto anayeangalia kitabu aone. Pajama ikawa ya njano ileile ya sweta. Mwanzoni niliipamba kwa nyota ndogondogo, nikajuta, maana kila ukurasa zilitoka idadi nyingine. Nikabaki na milia mitatu mipana kwa kila mkono na vifungo vinne kifuani, nikaviandika kwenye karatasi ya mhusika iliyobandikwa ukutani.

Kuhusu ugumu, nadhani unachora mikunjo ya shati la shule. Shati lililopigwa pasi hukunjika kwa pembe kali, tena mikunjo mingi. Flaneli ni nene, inakunjika mara chache na kwa mviringo: miwili au mitatu kwenye kiwiko, mmoja kwapani, na suruali inarundikana kifundoni kama chapati zilizopangwa. Mlia ukifika kwenye mkunjo lazima uzame na kutokea umesogea kidogo. Ukiupitisha umenyooka, umebandika karatasi juu ya mtoto.

Kivuli cha mkunjo nakiweka kwa brashi moja, na kabla hakijakauka napitisha brashi ya pili, safi na yenye unyevu kidogo tu, kwenye ukingo mmoja. Ukingo huo unayeyuka, wa pili unabaki. Ukiyeyusha kingo zote mbili, mkunjo unageuka ukungu. Wakati wake ni pale mng'ao wa maji unapoanza kufifia. Ukiwahi mno au brashi ikiwa na maji mengi, rangi inakimbia na kuacha doa lenye kingo kama ua. Ukichelewa, mstari umeshashika.

Ikikauka kabisa nachukua penseli ya rangi ya kahawia, nailaza ubavu na kuipitisha polepole kwenye kola na mapindo. Inashika vinundu vya karatasi tu, na hiyo ndiyo manyoya ya flaneli, huna haja ya kuchora unywele mmojammoja. Kalamu nyeusi usiisogeze hapo. Na kalamu nyeupe ya kung'arisha pia acha, maana alama moja kali ya mwanga inaigeuza flaneli kuwa satini. Pindo la mkono nalipa unene wake kwa mistari miwili, na naacha upenyo kati yake na kifundo cha mkono ili ionekane imelegea.

Kitu kimoja kilinipotezea kurasa mbili: kivuli cha usiku. Kila mtu anakimbilia bluu, lakini bluu juu ya njano inazaa kijani, binti yangu akaonekana kavaa majani ya mgomba. Tumia zambarau nyepesi, inatulia kuwa kahawia ya kijivu na njano bado inajulikana. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo, ikauke ndipo uamue.

Ukimaliza, funika uso wa mtoto kwa kidole gumba kwenye kila ukurasa, mwite mtu wa nyumbani umuulize huyu ni nani. Mimi nilimwita mpwa wangu. Alikwama ukurasa mmoja tu, ule ambao binti amejifunika blanketi hadi shingoni, nikalazimika kuutoa mkono mmoja nje wenye ile milia mitatu.