Acha kumfungia kila mtu imeili na "besti rigadi"

Watu wengi tukifika mwisho wa imeili tunabandika "besti rigadi" na kusenti, awe mkurugenzi, awe mshikaji tuliyesoma naye. Mi nauza steshenari maofisini, imeili za kudai hela ndo maisha yangu, na kabla sijafunga najiuliza kwanza huyu mtu ananijua kiasi gani.

Chukulia afisa manunuzi ambaye hamjawahi kuonana, unamtumia ankara kwa mara ya kwanza. Hapo mi naweka "Wasalaam," chini jina langu kamili na la biashara, basi. "Wako mtiifu" ya shuleni iache kwenye barua ya kuomba kazi, na "Wako katika ujenzi wa Taifa" ni ya barua za serikali zenye kumbukumbu namba na muhuri, ukimwekea mteja atacheka. "Natanguliza shukrani" inafaa kama unachoomba ni kidogo na ni kazi yake, mfano athibitishe tu kwamba ankara imefika, ila ukiomba punguzo au upendeleo halafu ukatanguliza shukrani anaona umeshamwamulia, afadhali "Nitashukuru ukinisaidia."

Sasa yeye akijibu "Sawa dada, kazi njema" ujue kashusha ngazi moja, na wewe shuka hiyohiyo moja: "Asante kaka, na wewe kazi njema." Usiruke mpaka "msalimie shemeji" wakati hata hujui kama kaoa! Hiyo isubiri mpaka muwe mmeshapiga stori za nyumbani, hata simu moja tu inatosha. Na akiwa mtu mzima kukuzidi usimkimbize, hata akikuandikia kwa utani we baki na "Siku njema mzee wangu."

Mkishazoeana kabisa mi huwa naacha hata salamu, naweka kinachofuata: "Basi tuongee Jumatatu," au "Haya, nasubiri elpio," yaani ile hati ya ofisi yao ya kuagiza mzigo. Kwa aliyekuzoea hiyo inatosha, kwa mgeni ingeonekana amri. Angalia na saa pia, "jioni njema" ya saa kumi na moja ataisoma kesho asubuhi kama ameshatoka ofisini.

Kingine ambacho wengi hawakijui, ukirudi juu ghafla mtu anasoma hasira. Mmezoea "poa kaka, baadaye", siku malipo yamechelewa unamfungia na "Wasalaam" na majina yako yote matatu, hujatukana ila ujumbe umefika, tena mara nyingi atapiga simu mwenyewe. Mi naitumia makusudi ankara ikipitisha muda tuliokubaliana. Kama hujakasirika basi baki palepale mlipokuwa, na uchungulie ile sahihi ya otomatiki kwenye setingi, maana kama ina "besti rigadi" ndani yake itajibandika chini ya "baadaye" yako na imeili inakuwa na miisho miwili.