Kuzirudishia nywele zilizopauka mng'ao kwa tabaka la kijivu

Mwaka fulani nilipiga picha za bibi harusi chini ya mwembe, saa sita mchana, siku yenye mawingu mazito. Ngozi ilitoka vizuri, lakini nywele zake, ambazo saluni ilikuwa imezinyoosha na kuzipaka mafuta asubuhi ile, zilionekana kama masizi ya chungu. Mawingu yaliutawanya mwanga kutoka pande zote, hivyo hapakuwa na chanzo kimoja cha kuakisiwa na nywele, na nywele nyeusi zisizoakisi kitu hubaki doa jeusi tu. Nilifungua Photoshop, nikachukua brashi nyeupe na kupaka utepe mmoja mpana kutoka sikio hadi sikio. Shangazi yake alipoiona picha aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hili wigi mlilitoa wapi?" Nilifuta kazi yote na kuanza upya, na njia ninayoieleza hapa ndiyo niliyobaki nayo tangu siku ile.

Fungua tabaka jipya kwa Shift+Ctrl+N (kwa Mac ni Shift+Command+N) ili kisanduku cha mipangilio kitokee. Kwenye Mode chagua Soft Light, kisha weka alama kwenye mstari ulio chini yake, unaosema kwamba tabaka lijazwe kijivu cha asilimia 50. Picha haitabadilika hata kidogo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa katika Soft Light kijivu hicho hakiongezi wala hakipunguzi mwanga. Kila utakachokifanya kuwa cheupe kuliko hapo kitaangaza nywele zilizo chini, na kila utakachokifanya kuwa cheusi zaidi kitazitia giza, huku picha halisi ikibaki bila kuguswa. Kijivu kina faida nyingine pia: Dodge Tool ya kuangaza na Burn Tool ya kutia giza haziwezi kufanya kazi kwenye tabaka tupu, kwa sababu zinahitaji rangi iliyopo ili ziibadilishe.

Wengi hufundisha kwamba Overlay, chaguo jingine la Mode, ina nguvu zaidi na kwamba Soft Light ni ya kazi za upole. Kwa nywele nyeusi mambo ni kinyume, na hesabu yake ni fupi. Chukua sehemu ya nywele yenye thamani ya 40 katika kipimo cha 0 hadi 255. Ukiipakia nyeupe kamili juu yake, Overlay itaifikisha 80, yaani mara mbili tu, lakini Soft Light itaifikisha takriban 100. Zaidi ya hayo, Overlay ikiangaza sehemu nyeusi hubakisha uwiano wa nyekundu, kijani na buluu kama ulivyokuwa, kwa hiyo wekundu kidogo uliofichika ndani ya nywele hukua pamoja na mwanga, na mng'ao hutoka wa rangi ya kutu. Soft Light huzisogeza rangi hizo karibu zaidi, na mng'ao hukaribia weupe wa mwanga wenyewe, kama unavyoonekana kwenye nywele halisi. Kwenye kutia giza ndipo Overlay huwa kali kweli. Ikishika nywele nyeusi huzizamisha mara moja.

Kuna mpaka ambao njia zote mbili haziuvuki. Mahali palipo sifuri hubaki sifuri hata ukipaka nyeupe mpaka mkono uchoke. Palipo karibu na sifuri huangaza kweli, lakini chengachenga za kamera huangaza pamoja nazo. Kwa hiyo kabla ya kuanza huwa narudi kwenye faili ghafi la kamera na kuinua Shadows kidogo, mpaka nizione nyuzi za nywele zikitengana. Picha ya JPEG ambayo nywele zake zimeshageuka giza tupu haitapona kwa njia hii.

Sasa kazi yenyewe. Bonyeza O upate Dodge Tool, weka Range iwe Midtones, kwa kuwa tabaka lako lote ni kijivu cha katikati, na Exposure iwe kati ya 5 na 8. Brashi iwe laini kabisa ukingoni, na upana wake ulingane na shungi moja la nywele. Kwenye ile picha ya bibi harusi, yenye pikseli 6000 kwa urefu, nilitumia brashi ya pikseli 50 hivi. Ukishikilia Alt (kwa Mac ni Option), Dodge hugeuka Burn kwa muda, hivyo huna haja ya kubadilisha zana.

Kabla ya kupaka, tafuta mng'ao ulipotaka kuwapo. Kichwa ni kama mpira, na mwanga hushika pale kinapoanza kupinda kuelekea upande unakotoka mwanga. Hata siku ya mawingu utakuta mahali penye mwanga kidogo kuliko pengine pote penye giza, kwa kawaida vidole vitatu au vinne kutoka kwenye njia ya nywele. Hapo ndipo unapaangaza. Usibuni mahali papya, kwa sababu mng'ao unaopingana na kivuli cha pua hujulikana hata kwa asiyewahi kushika kamera.

Mng'ao kwa ujumla hukatiza nywele, lakini kila mpigo wa brashi sharti ufuate unywele unakoelekea. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo hapo. Ule utepe wa mng'ao ni mkusanyiko wa mipigo mifupi mingi inayoshuka pamoja na nywele, mmoja ukianzia juu kidogo, mwingine ukiishia chini zaidi, na katikati ukiruka mashungi mawili matatu bila kuyagusa. Kisha shikilia Alt utie giza kati ya mashungi hayo na chini kidogo ya utepe. Mimi hutumia muda mwingi zaidi kwenye giza kuliko kwenye mwanga, kwa kuwa jicho huusoma mng'ao kwa tofauti ya viwili hivyo. Mwisho punguza brashi hadi pikseli 6 au 8 na uangaze nyuzi chache moja moja, zisizidi kumi na tano.

Ili kujua kama umezidisha, bonyeza Alt na ubofye jicho la tabaka la kijivu ili ulione peke yake. Ukiona michirizi myembamba yenye ncha zinazofifia, uko salama. Ukiona madoa kama ya chokaa ukutani, umepaka kwa duara badala ya kufuata nywele. Madoa hayo hufutwa kwa kuyapakia upya kijivu kilekile, 128 katika rangi zote tatu, kwa brashi ya kawaida. Michirizi ikiwa mikali tu, Gaussian Blur ya pikseli 2 hutosha. Kisha ipunguze picha yote mpaka ienee kwenye skrini na ushushe Opacity ya tabaka. Ile ya bibi harusi iliishia asilimia 65, ingawa nilipokuwa karibu nayo niliapa kwamba 100 ndiyo sahihi.

Yote haya ni ya nywele zilizonyooshwa au zilizolala. Nywele za kipilipili haziakisi utepe, bali vimetameta vidogo vilivyotawanyika juu ya mikunjo, na ukizichorea utepe utarudi kwenye swali la shangazi. Kwa nywele zilizosukwa, kila msuko ni mviringo wake wenyewe, kwa hiyo kila pingili hupewa nukta yake ndogo ya mwanga upande uleule na giza lake pale inapoingia chini ya pingili inayofuata. Msuko mmoja hunichukua dakika mbili, na kichwa cha misuko arobaini hukitoza bei tofauti.